Maji Yale Yale, Majibu Matatu

Chukua glasi mbili fupi zinazolingana, uzitie maji hadi kimo kimoja, kisha umwite mtoto wa miaka mitano. Mwulize kama maji ya glasi hii ni sawa na ya ile. Atainama, atachungulia kwa ubavu, na akiona upande mmoja umepungua hata kidogo atakwambia uongeze. Ongeza mpaka aridhike mwenyewe. Halafu, macho yake yakiwa hapo hapo, mimina maji ya glasi moja kwenye glasi ndefu na nyembamba, pasipo kumwaga hata tone. Mwulize tena: sasa maji ni sawa, au kuna upande wenye mengi zaidi? Watoto wengi wa umri huo hunyoosha kidole kwenye glasi ndefu bila kusita. Ukiwauliza kwa nini, hujibu kwamba haya yamefika juu.

Jaribio hilo halihitaji maabara, na ndiyo maana limerudiwa katika karibu kila pembe ya dunia. Aliyelipa umaarufu ni Jean Piaget, Mswisi aliyezaliwa mjini Neuchâtel mwaka 1896 na kufariki Geneva mwaka 1980. Hakuanza kama mwanasaikolojia. Alisomea viumbe hai, na shahada yake ya udaktari aliyoipata mwaka 1918 ilihusu konokono na jamaa zao. Baadaye alikwenda Paris, akapewa kazi ya kuwapima watoto wa shule kwa mitihani ya akili, ambamo jibu sahihi lilipata alama na lisilo sahihi likatupwa. Piaget akavutiwa na yale yaliyotupwa. Aliona kwamba watoto wa umri mmoja hukosea kwa namna moja, na kwamba makosa ya mtoto wa miaka mitano si makosa ya mtoto wa miaka tisa. Basi badala ya kuhesabu waliopata, akaanza kukaa na mtoto na kumwuliza: umejuaje? Na kama nikifanya hivi, itakuwaje?

Kutokana na mazungumzo hayo ya miaka mingi, yeye na wenzake wa Geneva walijenga nadharia ya hatua. Wanasema fikra za mtoto hazikui kwa kurundika maarifa tu. Kuna vipindi ambapo namna nzima ya kufikiri hubadilika, na vipindi hivyo hufuatana kwa mpangilio mmoja: kwanza mtoto hufikiri kwa mikono na macho, kuanzia kuzaliwa hadi miaka miwili hivi; kisha hufikiri kwa picha na maneno lakini akitekwa na kile anachokiona, hadi karibu miaka saba; halafu huweza kupanga hoja juu ya vitu vilivyo mbele yake, hadi miaka kumi na moja au kumi na miwili; na mwishowe, katika ujana, huweza kupanga hoja hata juu ya jambo ambalo halipo. Umri huo ni wa kukadiria. Kwa Piaget, jambo zito lilikuwa mpangilio wenyewe.

Hatua ya kwanza nitaipita haraka, kwa sababu maji hayatufikishi huko. Mtoto mchanga akifichiwa kijiko chini ya kitambaa huacha kukitafuta, kana kwamba kimetoweka duniani. Akikaribia miezi minane au tisa huanza kufunua kitambaa. Piaget aliyaona hayo kwa watoto wake watatu, Jacqueline, Lucienne na Laurent, akiandika siku baada ya siku. Watafiti wa baadaye, hasa Renée Baillargeon katika miaka ya 1980, walipima muda ambao macho ya mtoto hukaa kwenye jambo lisilowezekana, wakaona kwamba watoto wa miezi minne hivi tayari hushangaa kitu kigumu kinapoonekana kupenya kingine kilichofichwa. Inawezekana basi kwamba mtoto anajua kijiko kipo, ila mikono yake bado haijaweza kulifanyia kazi analolijua.

Turudi kwenye maji. Likizo iliyopita nilikuwa kwa kaka yangu Morogoro, na kwa kuwa nilikuwa nikiyasoma mambo haya, niliwaita wanangu watatu wa pale mmoja mmoja, ili asiwepo wa kuiga jibu la mwenzake. Asha ana miaka mitano. Alijibu kama nilivyoeleza hapo juu. Nilipoyarudisha maji kwenye glasi yake ya kwanza akasema sasa yamekuwa sawa tena, wala hakuona ajabu yoyote. Nikayamimina mara ya pili kwenye ile ndefu, akarudia: ya huku mengi. Mtu mzima anayetazama huona mgongano dhahiri, maji kuongezeka na kupungua kwa kumiminwa tu. Asha hakuuona, maana kwake kila hali ilisimama peke yake, na aliijibu kila moja kwa uaminifu kwa kadiri alivyoiona.

Kaka yake Idi, wa miaka minane, alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake. "Shangazi, si ni yale yale? Hujaongeza kitu." Nikamwambia lakini huku yamepanda juu sana. "Yamepanda kwa sababu glasi yenyewe nyembamba. Ukiyarudisha yatakuwa kama mwanzo."

Katika sentensi hizo chache Idi alitoa hoja zote tatu ambazo Piaget alizitafuta. Ya kwanza ni kwamba hakuna kilichoongezwa wala kupunguzwa. Ya pili, kilichozidi kwenye urefu kimepungua kwenye upana. Ya tatu, kitendo kinaweza kurudishwa nyuma, na Idi hakuhitaji kukirudisha kwa mikono, alikirudisha kichwani. Hiyo ya tatu ndiyo Piaget aliipa uzito kuliko zote. Mtoto wa miaka mitano hukumbuka vizuri jinsi maji yalivyokuwa mwanzo. Anachokosa ni kuunganisha mwanzo na mwisho kuwa jambo moja linaloweza kwenda na kurudi, na kushika urefu na upana kwa pamoja badala ya kuvutwa na kimoja.

Kati ya Asha na Idi kuna kipindi cha mpito ambacho mzazi anaweza kukiona akiwa makini. Mwaka 1986, Breckinridge Church na Susan Goldin-Meadow wa Chicago walionyesha kwamba kuna watoto ambao midomo yao husema jambo moja na mikono yao jambo jingine. Mtoto atasema maji ni mengi kwa sababu yamefika juu, huku vidole vyake vikionyesha upana wa glasi: huku pana, kule nyembamba. Upana huo haujaingia kwenye maneno yake, ila mikono imekwisha kuutambua. Watafiti hao walipowafundisha watoto, wale ambao mikono na maneno yao havikupatana ndio walionufaika zaidi na mafunzo. Mimi naona hili lina faida kubwa kwa mwalimu wa darasa la kwanza na la pili kuliko kukariri umri wa hatua, kwa kuwa linamwonyesha ni mtoto gani yuko mlangoni leo hii.

Usidhani pia kwamba mtoto akishayaelewa maji basi ameelewa kila kitu. Chukua madonge mawili ya udongo wa mfinyanzi yaliyo sawa, kisha moja livirige liwe refu kama mchi. Katika tafiti za Geneva, watoto wa miaka saba au minane walikubali kwamba udongo ni ule ule. Ukiwauliza uzito, wengi wao walisema umebadilika, na jibu sahihi lilikuja kwenye miaka tisa au kumi. Ukiwauliza kama madonge yote mawili yatapandisha maji ya ndoo kwa kiasi kilekile yakizamishwa, ilibidi kusubiri hadi miaka kumi na moja au kumi na miwili. Hoja ni ile ile mara zote tatu, hujaongeza wala hujapunguza, lakini mtoto haihamishi mara moja kutoka udongo kwenda uzito, wala kutoka uzito kwenda nafasi ambayo kitu hukalia. Piaget alilijua tatizo hili na alilipa jina, ila hakulieleza vya kutosha. Kama hatua ni mfumo mzima wa kufikiri, kwa nini uje vipande vipande? Swali hilo limebaki kuwa jeraha la nadharia yenyewe.

Salma, mkubwa wao, ana miaka kumi na minne, na kwake maji yalikuwa mzaha. Yeye nilimletea timazi. Piaget na mwenzake Bärbel Inhelder walieleza jaribio hili kwenye kitabu chao cha mwaka 1955 kuhusu fikra za vijana, na timazi ya mwashi inalitosha kabisa. Ifunge kwenye boriti, ivute kidogo pembeni, uiachie ibembee. Kisha uliza: ni nini kinachoifanya ibembee haraka au polepole? Mpe kamba ya kurefusha na kufupisha, na mizigo miwili yenye uzito tofauti. Kijana ana mambo manne ya kushuku: urefu wa kamba, uzito wa mzigo, umbali wa kuivuta, na nguvu ya kuisukuma.

Asha alikuwa pale akaomba kujaribu. Aliisukuma kwa nguvu zote na kutangaza kwamba inakwenda mbio kwa sababu yeye ana nguvu. Idi alikwenda mbele zaidi, maana alihesabu na alilinganisha. Lakini alipoweka mzigo mzito alifupisha na kamba, akaona mwendo umeongezeka, akasema ni uzito. Hesabu yake ilikuwa sahihi na hitimisho lake halikuwa sahihi, kwa kuwa alibadilisha vitu viwili kwa pamoja na hapakuwa na njia ya kujua ni kipi kilichofanya kazi. Nilipomwambia ajaribu tena, akarudia vilevile kwa mpangilio mwingine.

Salma hakugusa kamba kwanza. Aliuliza kama nina saa. Akapima kamba ya mita moja, akahesabu mabembeo kumi ya kwenda na kurudi, akapata sekunde ishirini hivi. Akabadilisha mzigo, kamba ikiwa ile ile: ishirini tena. Akaivuta mbali kidogo zaidi: karibu ishirini. Kisha akairudisha kama ilivyokuwa na kufupisha kamba hadi robo mita, na mabembeo kumi yakachukua sekunde kama kumi tu. "Ni kamba, Shangazi. Nyingine zote nimeziondoa." Alikosea jambo moja, kwani alitarajia kwamba robo ya urefu italeta robo ya muda, na alipopata nusu alidhani amehesabu vibaya, akarudia. Hilo la kurudia lilinifurahisha kuliko jibu lenyewe.

Tofauti yake na Idi inahusu mahali pa kuanzia. Idi alianza na kilichopo, akagusa, akaona, akasema. Salma alianza na orodha ya yanayowezekana, ambayo mengi hayakuwa yametokea bado, akayapanga kichwani, ndipo akatumia timazi kuyakata moja baada ya jingine. Kwa Piaget, hapo ndipo ujana wa akili ulipo: kilichopo kinakuwa kimoja tu kati ya vinavyowezekana. Uwezo huo huo ndio humfanya kijana wa umri huo aulize kwa nini nyumba yenu ina kanuni hii na si ile, na kubishana juu ya serikali isiyokuwepo popote. Mzazi anayeona ni utovu wa adabu anaweza kuwa anatazama kazi ile ile iliyofanyika kwenye timazi.

Mpaka hapa nadharia inaonekana nzuri, na kwa sehemu kubwa naikubali. Ila iliwapunja watoto wadogo, na iliwapunja kwa namna ya kuuliza.

Fikiri jinsi Asha alivyoulizwa. Mtu mzima anayemheshimu alimwuliza kama maji ni sawa, akajibu ndiyo. Mtu yule yule akafanya kitendo waziwazi mbele yake, kisha akauliza swali lile lile mara ya pili. Katika maisha ya kawaida, mkubwa akirudia swali maana yake ni kwamba jibu la kwanza halikumridhisha, au kwamba jambo limebadilika. James McGarrigle na Margaret Donaldson, huyu wa pili akiwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Edinburgh huko Scotland, walilishuku jambo hilo katikati ya miaka ya 1970. Walipanga safu mbili za vitu zenye idadi sawa, watoto wa miaka minne hadi sita wakakubali ni sawa. Mtafiti aliponyoosha safu moja kwa mkono wake, kama Piaget alivyofanya, ni kama mtoto mmoja tu kati ya sita aliyeendelea kusema idadi ni sawa. Lakini pale mwanasesere wa dubu mtundu alipochomoka kwenye boksi na "kuivuruga" safu, zaidi ya nusu ya watoto walijibu sawasawa. Vitu na mpangilio vilikuwa vilevile. Kilichobadilika ni kwamba sasa swali la pili lilikuwa na sababu ya kuulizwa. Wapo walioupinga utafiti huo, wakisema purukushani za dubu ziliwasahaulisha watoto kutazama urefu wa safu, na ubishi huo una haki yake. Hata hivyo, tangu siku hizo hakuna anayeweza kusoma "hapana" ya mtoto kama kipimo cha akili tupu.

Jambo lilikuwa zito zaidi majaribio haya yalipovuka bahari. Mapema katika miaka ya 1960, Patricia Greenfield aliyapeleka kwa watoto wa Kiwolof nchini Senegal. Aliona kwamba watoto wa kijijini wasiokwenda shule, hata wenye miaka kumi na moja hadi kumi na mitatu, ni takriban nusu tu waliosema maji hayakubadilika. Angeweza kuishia hapo, na vitabu vingekuwa na sentensi moja zaidi ya kuwadhalilisha watoto wa Afrika. Lakini alisikiliza sababu walizotoa. Baadhi yao walisema maji yameongezeka kwa kuwa yeye, mgeni, ndiye aliyeyamimina. Akampa mtoto ayamimine mwenyewe, na idadi ya waliojibu sawasawa ikapanda sana. Aliona pia kwamba ukimwuliza mtoto asiyesoma shule kwa nini anafikiri hivyo, hunyamaza. Ukimwuliza kwa nini jambo liko hivyo, anakujibu. Kuulizwa habari za mawazo yako ni desturi ya shule.

Hapa kwetu, Raphael Nyiti aliwafanyia majaribio ya udongo, uzito na ujazo watoto wa Kimeru wa Tanzania, wenye miaka minane hadi kumi na minne, baadhi wakiwa shuleni na wengine wasiosoma. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 1976, hayakuonyesha kwamba shule ndiyo inayoleta uelewa huo, na mpangilio ulikuwa ule wa Geneva: udongo kwanza, kisha uzito, kisha ujazo. Nyiti hakuacha hapo. Alikwenda Kanada kufanya kazi na watoto wa Kimikmaki, wenyeji wa asili wa nchi ile, na mwaka 1982 akaandika kwamba walipohojiwa kwa lugha yao ya nyumbani walilingana na wenzao wenye asili ya Ulaya, lakini walipohojiwa kwa Kiingereza walionekana wamebaki nyuma. Ninapokumbuka ni watoto wangapi wa Afrika Mashariki wanaopimwa akili kwa lugha waliyoikuta darasani, utafiti huu wa Nyiti naona unastahili kujulikana kwa kila anayetunga mtihani.

Mazoea ya mikono nayo yana sehemu yake. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1969, watafiti waliokwenda Mexico waliwakuta watoto wa wafinyanzi wakiwatangulia wenzao katika swali la donge la udongo. Aliyekanda, kuviriga na kukusanya tena udongo ule ule tangu utotoni hahitaji kushawishiwa kwamba haujaongezeka.

Piaget mwenyewe alirudi nyuma kidogo kuhusu hatua ya mwisho. Ilikuwa imebainika kwamba vijana wengi, na hata watu wazima wengi wenye akili timamu, hawapiti majaribio kama lile la timazi. Katika makala ya mwaka 1972 alikubali kwamba watu huweza kuifikia hatua hiyo kwa njia mbalimbali, kila mmoja katika uwanja aliouzoea, na kwamba fundi au seremala anaweza kufikiri kwa namna hiyo ndani ya kazi yake huku akishindwa kwenye vifaa vya fizikia asivyovijua. Mtazame fundi pikipiki aliyeletewa chombo kisichowaka. Anabadilisha plagi peke yake, anapiga kiki. Haiwaki, anairudisha ile ya zamani, anakagua mafuta. Haigusi kabureta mpaka ajue kwamba moto unafika. Huenda hakumaliza darasa la saba, na huenda ukimpa timazi na saa atafanya kama Idi, akabadilisha kamba na mzigo kwa mara moja. Anayetaka kujua kama anaweza kutenga chanzo kimoja baada ya kingine itabidi amwulize habari za injini.